Azimio la kazi la jimnastiki huandikwa kuanzia wiki ya mwisho

Mstari huu niliuandika mwenyewe, mwaka wangu wa pili wa kufundisha Elimu kwa Michezo: "Wiki ya 3. Kubingirika mbele. Mwanafunzi aweze kuelewa na kufanya kubingirika mbele kwa usahihi." Mkuu wa idara aliupitisha na mkaguzi wa ndani akaugonga muhuri. Wiki ya 4 azimio lilisema tuhamie kusimama kwa kichwa, nasi tukahama. Siku hiyo kijana mmoja wa Kidato cha Kwanza aliniambia shingo inamuuma tangu kipindi kilichopita, kwa sababu kila alipobingirika utosi wake ulikuwa unagonga godoro. Nilikuwa nimemwona akibingirika na hata nimeweka alama ya vema kwenye daftari, maana alikuwa amegeuka akatokea upande wa pili. Azimio langu halikuwa na neno lolote la kunionyesha tofauti kati ya kubingirika alikofanya yeye na kule nilikokusudia.

Shingo ilipona baada ya siku chache. Mimi nilianza kuandika azimio upya, na makala hii inaeleza namna ninavyolipanga sasa: azimio la muhula mmoja la jimnastiki kwa Kidato cha Kwanza, darasa la wanafunzi 48, magodoro sita ya mazoezi, uwanja wa nyasi wenye mteremko kidogo upande wa kusini, na vipindi viwili vinavyofuatana mara moja kwa wiki, yaani dakika 80. Walimu wa Kenya watalisoma kama maazimio ya kazi. Majina ya safu yatatofautiana, ila mantiki ya upangaji ni ileile.

Tuanze na saa, kwa sababu ndiyo inayoamua kila kitu kingine. Katika dakika 80, dakika 8 zinakwenda kwenye kubadili nguo na kufika uwanjani. Dakika 7 ni za kubeba magodoro na kuyapanga, 12 za kupasha mwili moto, 5 za maelezo na kuonyesha mfano, na 8 za kupoza mwili na kurudisha vifaa stoo. Zinabaki 40. Nazigawa katika kazi mbili za dakika 20, kwa kuwa watoto wa miaka 13 au 14 wakifanya kitendo kimoja kwa dakika 40 mfululizo, viganja na shingo huchoka na makosa huongezeka. Kila godoro lina wanafunzi wanane. Mmoja anafanya, anatoka, anayefuata anajiweka sawa: takriban sekunde 15. Mzunguko mmoja wa wanane ni dakika 2, kwa hiyo kazi ya dakika 20 inampa kila mwanafunzi majaribio 10. Kwa siku ni majaribio 20.

Sasa muhula. Kalenda inaweza kuonyesha wiki nyingi zaidi, lakini ukiondoa wiki ya kufungua shule, mitihani ya nusu muhula, likizo fupi na mitihani ya mwisho, mimi hujipangia wiki 11 tu. Mbili za mwisho ni za kupima, mbili kabla yake ni za kuunganisha vitendo, na moja naiacha wazi. Zinabaki wiki sita za kujifunza stadi mpya, sawa na majaribio 120 kwa kila mwanafunzi. Ukiorodhesha stadi kumi, kama nilivyofanya mwaka ule, kila stadi inapata majaribio 12, na matano ya mwanzo yanaishia kwenye woga tu. Ukichagua stadi nne, wastani unakuwa 30, na ile iliyo ngumu zaidi unaweza kuiongezea hadi 50. Mwalimu akikuonyesha azimio lenye kubingirika mbele, kubingirika nyuma, gurudumu, kusimama kwa kichwa, kusimama kwa mikono, kuruka sanduku na mnara wa watu katika muhula mmoja, mwombe kwa upole akufanyie hesabu hii.

Kwa darasa langu nimechagua nne: kutua baada ya kuruka, kubingirika mbele, mikao ya kusawazisha mwili, na kubeba uzito wa mwili kwa mikono. Gurudumu sikuliweka, ingawa wanafunzi hulipenda sana, kwa sababu linahitaji mabega na viganja vilivyozoea kubeba uzito, na hicho ndicho tunachokijenga muhula huu. Kubingirika nyuma sikukuweka pia. Hapo uzito wote hupita shingoni kama mikono haijapata nguvu ya kusukuma, na kwa darasa kubwa lenye mwalimu mmoja sipendi kuanza nako.

Baada ya kuchagua, naandika wiki ya 11 kabla ya wiki ya 1. Hii ndiyo sentensi iliyo juu kabisa ya azimio langu:

"Kufikia wiki ya 11, mwanafunzi ataonyesha peke yake, bila kukumbushwa, mfuatano wa vitendo vitano alioupanga mwenyewe kwenye godoro: mkao wa mguu mmoja, kubingirika mbele, kuruka kwa kugeuka nusu na kutua, kubeba mwili kwa mikono, na kusimama kwa mabega."

Chini yake kuna vigezo vitano, kila kimoja kikijibiwa kwa ndiyo au hapana. Kwanza, vitendo vyote vitano vimeonekana bila mtu kumnong'oneza. Pili, kila mkao wa kusawazisha umetulia kwa sekunde 3. Tatu, katika kubingirika utosi haukugusa godoro, na mwanafunzi alisimama kwa miguu bila kusukuma kwa mikono. Nne, alitua kwa miguu miwili, magoti yakiwa yamekunjwa, na hakuongeza zaidi ya hatua moja. Tano, kati ya kitendo kimoja na kingine hakusimama kwa zaidi ya sekunde 2.

Sekunde 3 zina sababu yake. Katika mashindano ya kimataifa ya jimnastiki ya wanaume, mkao wa kutulia hutakiwa kushikiliwa angalau sekunde 2, na wanaohesabu ni waamuzi waliofunzwa. Kwangu anayehesabu ni mwanafunzi mwenzake, na anayehesabu kwa mdomo hukimbia. Akisema "elfu moja, elfu mbili, elfu tatu" kwa mwendo wa kuzungumza, najua mkao ulitulia kweli.

Robert Mager, Mmarekani aliyeandika juu ya malengo ya ufundishaji mwaka 1962, alitaka kila lengo liwe na sehemu tatu: kitendo kinachoonekana, hali ambamo kitafanyika, na kiwango kinachokubalika. Rudi kwenye mstari wangu wa zamani. "Kuelewa" si kitendo kinachoonekana. Hali haikutajwa: kwenye nyasi au godoro, mteremkoni au tambarare, kwa kusaidiwa au peke yake? Na "kwa usahihi" ni kiwango kilichofungiwa kichwani mwa mwalimu. Mwanafunzi hawezi kukiona, wala mwalimu mwenzangu akishika kipindi changu hawezi kukitumia.

Kitenzi "elewa" kimetoka mbali. Vyuoni sisi walimu tulikaririshwa ngazi za malengo ya kujifunza za Benjamin Bloom na wenzake za mwaka 1956, na vitenzi vyake tukavibeba hadi uwanjani: taja, eleza, fafanua, changanua. Ngazi zile zilitungwa kwa ajili ya kazi za akili. Kundi lile baadaye lilishughulikia upande wa hisia na mwelekeo, lakini ngazi za stadi za mwili zilikuja kuandikwa na wengine, wakiwamo Elizabeth Simpson na Anita Harrow mwaka 1972. Katika ngazi za Simpson mtu huanza kwa kutambua ishara, akajiweka tayari, akafanya kwa kuongozwa, kisha kitendo kinakuwa cha mazoea, ndipo anafikia kukichanganya, kukibadilisha na kubuni chake. Katika azimio la jimnastiki, hatua tatu kati ya hizo ndizo zinazonifaa zaidi: kufanya kwa kuongozwa, kufanya kwa mazoea, na kubuni. Zinaniambia kwamba mwanafunzi yuleyule na stadi ileile anapaswa kuonekana katika mistari mitatu tofauti ya azimio, na si mmoja.

Nitaifuata stadi moja, kubingirika mbele, kutoka mwanzo hadi mwisho.

Watoto wetu wengi wamekwisha kupiga pindu mchangani kabla hujawafundisha lolote, na hapo ndipo tatizo linapoanza. Wanajirusha kwa kasi, utosi unatangulia, kisha wanaangukia mgongo mzima kwa kishindo. Kubingirika kunakofaa ni hivi: mwanafunzi anachuchumaa, anaweka viganja chini mbele ya miguu kwa upana wa mabega, anabana kidevu kifuani, anainua makalio juu ya kichwa kwa kusukuma na miguu, anakunja viwiko pole pole, na sehemu ya kwanza ya mwili kugusa godoro baada ya viganja ni nyuma ya mabega, chini kidogo ya shingo. Uti wa mgongo unapita kama gurudumu, visigino vinakuja karibu na makalio, mikono inanyooka mbele, na mwili unapanda kusimama.

Ukivunja kitendo hicho vipande, utaona kwamba vigumu ni viwili tu: kubana kidevu wakati makalio yanapanda, na kusimama mwishoni bila mikono. Hiki cha pili ndicho nakifundisha mwanzo. Wiki ya 2, baada ya kazi ya kutua, wanafunzi wanajifunza kubembea kwa mgongo: wanakaa, wanakumbatia magoti, wanarudi nyuma hadi mabega yaguse, wanarudi mbele hadi wakae. Tokeo la wiki hiyo limeandikwa hivi: "Akiwa amekumbatia magoti, mwanafunzi atabembea kwa mgongo mara 5 mfululizo bila kuangukia upande, kitambaa kikiwa kimebanwa kati ya kidevu na kifua." Kitambaa ndicho kipimo chote. Kidevu kikiinuka, kitambaa kinaanguka, mwenzake anakiona, na hakuna ubishi.

Wiki ya 3: "Ataanza kwa kubembea na kumaliza akiwa amesimama, bila mikono kugusa godoro, mara 3 kati ya 5." Hapa utaona wengi wanafika karibu na kusimama kisha wanaanguka nyuma. Sababu ni moja karibu kila mara: visigino vimekanyaga mbali na makalio. Chora mstari kwa chaki kwenye godoro, sentimita chache tu mbele ya alipokaa, umwambie akanyage kabla ya mstari.

Wiki ya 4 tunaingia kwenye kubingirika kwenyewe, ila kwenye mteremko. Kama huna mteremko wa nyasi, weka ubao imara chini ya upande mmoja wa godoro, uinuke kiasi cha shubiri. Mteremko unaupa mwili kasi ambayo miguu bado haiwezi kuitoa, na makalio hupita juu ya kichwa kwa urahisi. Tokeo: "Kwenye mteremko, akisaidiwa na mwenzake kwa maneno tu, atabingirika mbele kitambaa kikibaki kidevuni, mara 4 kati ya 5." Nimeandika "kwa maneno tu" makusudi. Mwanafunzi asiyefunzwa kushika mwenzake humsukuma shingo, na shingo ni mahali pa mwisho unapotaka mkono wa mtu uwe. Mwalimu mwenyewe akisaidia, mkono mmoja hukaa nyuma ya paja na mwingine nyuma ya bega.

Wiki ya 5 ni tambarare, na wanaruhusiwa kumaliza wakiwa wamekaa. Wiki ya 6 ni tambarare, wakimaliza kwa kusimama: "Kwenye godoro tambarare, peke yake, atabingirika mbele na kusimama bila mikono, utosi usiguse godoro, mara 3 kati ya 5." Hapo vipande viwili vigumu vinakutana, na mwanafunzi amekwisha kuvizoea kimoja kimoja. Kazi tano za kipindi, majaribio 50.

Linganisha sasa na "aweze kuelewa na kufanya kwa usahihi". Kijana yule wa mwaka wangu wa pili angekwama wiki ya 2 kwenye kitambaa, akiwa ameketi, mahali ambapo kukwama hakumuumizi.

Stadi nyingine tatu zinajaza nafasi zilizobaki, nami nitazipitia haraka. Kutua kunachukua kazi zote mbili za wiki ya 1 na kazi moja ya wiki ya 2. Kunakuja kwanza kwa sababu kila kitendo cha jimnastiki humalizikia ardhini. Tunaanza kuruka papo hapo, kisha kuruka na kugeuka nusu, kisha kutoka kwenye benchi imara lisilozidi urefu wa goti. Tokeo la wiki ya 2 husomeka: "Akiruka kutoka kwenye benchi, atatua kwa miguu miwili iliyo upana wa nyonga, magoti yamekunjwa, mikono mbele, na atatulia sekunde 3, mara 4 kati ya 5." Magoti yanayogongana wakati wa kutua ndiyo kosa la kulitazama sana, hasa kwa wasichana wanaokua kwa kasi umri huu. Ukiliona, shusha benchi. Maelezo pekee hayalirekebishi.

Mikao ya kusawazisha inapata kazi ya pili ya wiki ya 3, mguu mmoja, kiwiliwili kimeinama mbele, mikono imetanuka kama mabawa. Inapata pia kazi ya pili ya wiki ya 6, kusimama kwa mabega, na hapo naandika wazi kwamba viganja vishike kiuno na viwiko viwe chini, ili uzito ubebwe na mabega na mikono badala ya shingo. Kubeba mwili kwa mikono kuko wiki ya 4 na 5: kuruka kama sungura, viganja chini, makalio yakipanda hadi usawa wa mabega, miguu ikitua laini. Mwanafunzi ambaye viganja vyake vinazama kwenye godoro laini la kulalia hataweza kufanya kazi hii vizuri, na kifundo cha mkono kitamuuma. Kwa kutua, godoro la sponji la bweni linasaidia. Kwa kubeba uzito wa mikono, nyasi fupi zilizokaguliwa mawe ni bora kuliko godoro hilo.

Wiki ya 7 imeandikwa "fidia". Iko katikati kwa sababu fidia inayowekwa mwishoni huliwa na mitihani kila mwaka, na mvua za masika hazisubiri ratiba. Kama hakuna kipindi kilichopotea, wiki hiyo inatumika kurudia tokeo lililofikiwa na wachache zaidi.

Wiki ya 8 na ya 9 ni za kuunganisha. Wanafunzi wengi huanguka hapa, hata wale waliofaulu kila stadi peke yake, kwa kuwa kubingirika kunaishia kwenye kasi na mkao wa mguu mmoja unadai utulivu. Naanza na viwili tu: "Atabingirika mbele na kuingia moja kwa moja katika kuruka kwa kugeuka nusu, bila kusimama zaidi ya sekunde 2." Halafu vitatu. Wiki ya 9 kila mmoja anachora mfuatano wake wa vitano kwenye karatasi, kwa vijiti vya watu, na anamkabidhi mwenzake ausome wakati yeye anafanya. Mpangilio ni wake. Mwaka jana binti mmoja aliweka kusimama kwa mabega kabla ya kubingirika, akatumia kushuka kwa miguu kupata kasi ya kusimama, kitu ambacho sikuwa nimekifikiria.

Sasa kupima. Mfuatano mmoja huchukua kama sekunde 40, na pamoja na kuingia na kutoka ni dakika moja. Wanafunzi 48 ni dakika 48, nami nina 40. Ndiyo maana kupima kuna wiki mbili: 24 wiki ya 10, 24 wiki ya 11, na waliobaki wanafanya mazoezi kwenye magodoro mengine matano wakiwa na kadi ya vigezo. Godoro la kupimia linakaa mahali ninapoweza kuuona uwanja wote bila kugeuza mgongo.

Vigezo vyenyewe vinahitaji kupimwa kabla havijawapima watoto. Mara ya kwanza nilipovitumia, nilimwomba mwalimu wa Jiografia, ambaye hajawahi kufundisha jimnastiki, asimame kando yangu tuweke alama kwa wanafunzi wanane bila kuonyeshana karatasi. Vigezo vitano kwa watu wanane ni maamuzi 40. Tulitofautiana mara 9, na 7 kati ya hizo zilikuwa kwenye kigezo kimoja ambacho wakati ule kilisomeka "kwa mtiririko mzuri". Mimi niliona mtiririko, yeye aliona kijana amesimama akifikiria. Sote wawili tulikuwa sahihi, kosa lilikuwa kwenye maneno. Nilikibadilisha kuwa "asisimame kwa zaidi ya sekunde 2", na tuliporudia kwa wanane wengine kigezo hicho kilituletea tofauti moja tu. Jaribio hilo linachukua dakika kumi na mtu yeyote mwenye macho anaweza kukusaidia.

Kuna walimu wanaoogopa kwamba vigezo vya namna hii vitawaonea wenye miili mizito, wenye ulemavu, au waoga. Hofu hiyo ina msingi pale kiwango kinapoandikwa kwa sura ya mwili mmoja. Angalia kigezo cha pili: kinadai mkao utulie sekunde 3, hakisemi mguu uinuke kiasi gani. Mwanafunzi wangu mwenye mguu mmoja dhaifu hufanya mkao wake akiwa amepiga magoti, mkono mmoja na mguu wa pili vikiwa hewani, na sekunde ni zilezile. Kwa kubingirika, aliyekatazwa na daktari kubebesha shingo uzito hubingirika kwa ubavu mwili ukiwa umenyooka, na kigezo chake kimeandikwa mapema kwenye safu ya maoni: aende moja kwa moja bila kupinda. Kinachobadilika ni kitendo na hali. Ukiona unabadilisha kiwango kwa kukisia siku ya kupima, ujue hukupanga. Kuhusu mavazi nako kuna mstari mmoja kwenye azimio: traki kwa wote, hijabu iliyofungwa kwa kukunjwa bila pini, hereni na saa vibaki darasani.

Muundo wa azimio wenye umahiri mkuu, umahiri mahususi, shughuli za kujifunza, idadi ya vipindi, mbinu, zana na maoni hauzuii lolote kati ya haya. Umahiri naunakili kama ulivyo kwenye muhtasari. Matokeo ya kila wiki nayaweka kwenye safu ya shughuli za kujifunza, na kwenye safu ya zana za upimaji, mahali ambapo wengi huandika "maswali na uchunguzi", naandika kifaa halisi: kitambaa, mstari wa chaki, mwenzake anayehesabu, kadi ya vigezo. Andalio la somo la siku linakuwa jepesi kuandika, maana kazi mbili na vipimo vyake vimekwisha kukaa kwenye azimio.

Safu ya maoni ndiyo iliyokuwa ikinidanganya zaidi. Kwa miaka niliandika "somo lilieleweka vizuri". Sasa naandika namba, inayotokana na wanafunzi kuhesabiana wawili wawili katika majaribio matano ya mwisho ya kipindi na viongozi wa magodoro kuniletea jumla. Kanuni yangu ni theluthi mbili: kama walau 32 kati ya 48 wamefikia tokeo la wiki, tunaendelea na waliobaki wanapata kazi ya nyongeza wakati wa kupasha mwili. Chini ya hapo, tunarudia.

Muhula uliopita, wiki ya 3, nilipata 21. Kusimama kutoka kwenye kubembea kulikuwa kumewashinda zaidi ya nusu. Zamani ningehamia mteremkoni wiki ya 4 kwa sababu azimio lilisema hivyo. Nilisogeza mteremko wiki moja mbele, nikala fidia ya wiki ya 7, nikarudia kubembea kwa kutumia mstari wa chaki. Safu ya maoni ya wiki ya 4 inasomeka: "37 kati ya 48. Visigino."